Mwaliko wa Mkutano Mkuu Huandikiwa Asiyekuja

Barua ya kuwaalika wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka ni utungo ambao wataalamu wa Kiswahili wameushughulikia kwa uchache mno. Katika vyama vingi, katibu huitwaa barua ya mwaka uliopita, akabadilisha tarehe na mahali, kisha akaisambaza. Yamkini ndiyo sababu udhaifu wake haubainiki hadi siku mkutano unapovunjika kwa mabishano.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa udhaifu huo una madhara yake. Si wanachama wote wa chama cha Kibokoni au Kuze waishio Kibokoni au Kuze. Wapo walio melini, wapo walio kazini Maskati na Dubai, na wapo wazee ambao kushuka ngazi za nyumba za ghorofa za Ndia Kuu ni safari kamili. Anayehudhuria ataweza kuuliza akielezwa. Asiyehudhuria hana ila barua. Hoja ya makala haya ni kwamba mwaliko wa mkutano mkuu hauna budi kuandikwa kwa kumlenga huyu wa pili.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kuwa chama cha wanachama 80 kinamiliki nyumba kuukuu Kibokoni, na kamati yake inakusudia kuiuza. Mkutano umepangwa Jumapili tarehe 28, saa kumi alasiri. Muundo wa katiba uliorithiwa na vyama vingi vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya Kenya (Sura ya 108) unataka taarifa ya maandishi ipelekwe kwa wanachama siku zisizopungua 21 kabla ya mkutano, ikiandamana na taarifa ya hesabu na ajenda. Ikiwa siku ya kupeleka na siku ya mkutano hazihesabiwi, barua lazima itoke kufikia tarehe 6. Hadi hapo hapana utata. (Vyama vya ushirika vina sheria yake: ile ya mwaka 1997 ilitaja siku 15.)

Utata umo katika kifungu kinachofuata. Muundo huohuo unamtaka mwanachama mwenye hoja aifikishe kwa katibu wiki 4 kabla ya mkutano. Kwa hesabu ya mfano huu, hoja ingepaswa kufika mwishoni mwa mwezi uliotangulia, ilhali barua inatoka tarehe 6. Mwanachama anayeijua tarehe ya mkutano kwa kuisoma baruani amekwisha kuchelewa kabla hajaifungua bahasha! Mlango pekee unaombakia ni ule wa “mengineyo”, ambao kikatiba hufunguliwa kwa idhini ya mwenyekiti. Dawa yake ni nyepesi: tangazo fupi la tarehe litoke wiki 6 au 7 kabla, likitaja siku ya mwisho ya kupokea hoja, na mwaliko kamili ufuate baadaye.

Ajenda yenyewe nayo huandikwa kwa mkato unaomdhulumu asiyehudhuria. “Nyumba ya chama” si ajenda, ni kichwa cha habari tu. Mwanachama aliyeko Maskati atadhani ni habari ya kupaka chokaa, akaendelea na kazi zake. Kiswahili kina vitenzi vinavyotosha kumzindua: “kupokea” taarifa si sawa na “kuidhinisha” hesabu, na “kujadili” si sawa na “kuamua kwa kura”. Ajenda iliyoandikwa sawasawa ingesema: “Kujadili na kuamua kwa kura pendekezo la kamati la kuiuza nyumba ya chama iliyoko Kibokoni, kwa bei isiyopungua ile iliyotajwa katika karatasi iliyoambatanishwa.” Baada ya kuyasoma hayo, aliye mbali anajua atamwagiza nini wa kumpigia kura. Hapa ndipo ajenda inaposhikana na kanuni za uwakili.

Tukio la kusikitisha ni kwamba sehemu hiyo ya uwakili ndiyo inayotafsiriwa ovyo kuliko zote. Huchotwa katika matangazo ya makampuni, yasemayo kwamba mwenye hisa anaweza kumteua mtu wa kupiga kura kwa niaba yake, na kwamba mtu huyo si lazima awe mwenye hisa. Katika kampuni, haki hiyo imo katika sheria. Katika chama cha mtaa, haipo mpaka katiba ya chama iitaje. Mahakama ya Uingereza ilikwisha kuliamua jambo hili mwaka 1883 katika kesi ya Harben dhidi ya Phillips: kura ya niaba si haki ya asili ya mwanachama. Kwa hiyo katibu anayenakili sentensi ya kampuni bila kuisoma katiba yake huahidi haki ambayo huenda chama hakijaitoa.

Lipo pia suala la istilahi. “Wakala” Mombasa leo ni mwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu, au mtoaji wa mizigo bandarini. “Naibu” ni mwenye cheo. “Mwakilishi” humdokeza mtu aliyechaguliwa na wengi, akitumia busara yake mwenyewe. Linalofaa zaidi ni “wakili”, japo siku hizi humkumbusha mtu mahakama. Wakazi wa Mji wa Kale wanamjua wakili wa ndoa. Walii akimpa mtu uwakili wa kumwoza binti yake kwa fulani, wakili hana ruhusa ya kumwoza kwa mwingine, hata kama anamwona huyo mwingine kuwa bora. Walii akitokea kabla ya ndoa kufungwa, anaweza kuutwaa uwakili wake na kuozesha mwenyewe. Ufahamu huo wa uwakili wenye mipaka ndio hasa unaotakikana katika kura. “Wakili wa kura” ni istilahi isiyohitaji kufafanuliwa mara mbili.

Ikiwa katiba inaruhusu, na ikiwa imeweka mipaka kama hii, barua ingesema: “Mwanachama asiyeweza kuhudhuria anaweza kumteua mwanachama mwenzake kuwa wakili wake wa kura. Mtu mmoja hatakuwa wakili wa zaidi ya wanachama wawili. Fomu iliyotiwa sahihi imfikie katibu kabla ya Ijumaa tarehe 26, saa kumi alasiri. Mwanachama akihudhuria mwenyewe, uwakili wake umekwisha.” Fomu nayo iwe na nafasi ya kuonyesha, kwa kila pendekezo, “naafiki”, “napinga” au “wakili aamue”.

Yabakia mambo mawili ambayo barua nyingi huyanyamazia. La kwanza ni akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji. Ikiwa akidi ni thuluthi moja ya wanachama 80, wanahitajika 27. Wakija 20 wakiwa na fomu 8, je, mkutano umetimia? Katiba ikisema “wanachama waliohudhuria kwa nafsi zao au kwa uwakili”, wametimia 28. Ikisema “waliohudhuria” pekee, wapo 20, na uuzaji wowote utakaopitishwa utakuwa na mlango wa kupingwa. La pili ni namna ya kupiga kura. Mwenye uwakili wa watu wawili ana kura tatu, ila mkono wa kuinua ni mmoja. Tena yamkini mmoja wa waliomtuma anaafiki na wa pili anapinga. Kwa hivyo suala la nyumba liamuliwe kwa karatasi, wakili apewe tatu mlangoni baada ya fomu zake kukaguliwa dhidi ya daftari la wanachama, na barua iyaeleze hayo mapema, ili aliyeko melini ajue kwamba kura yake itahesabiwa peke yake na si kumezwa katika mkono wa mwenziwe.