"Tutafanya" Si Jina la Mtu

Mweka hazina wetu aliitwa mwizi mbele ya darasa zima, na kosa lilikuwa langu mimi katibu. Naeleza ilivyokuwa, maana kamati nyingi hapa chuoni zinaendeshwa hivi hivi.

Kamati yetu ya safari ya mafunzo ilikaa Jumatano, tarehe 12 Machi, kwa saa mbili na nusu. Mweka hazina hakuwepo, alikuwa na testi. Tulirekodi kwa simu, nami usiku ule nikayaandika mazungumzo yote neno kwa neno, mistari 612. Kisha nikaanza juu kushuka chini, kila nilipoona uamuzi nauingiza kwenye jedwali. Mstari wa 88 Mwenyekiti anasema, "Haya, tukodi Kosta, imeisha hiyo." Nikaandika: kukodi Kosta, mweka hazina alipe. Alhamisi akasoma jedwali, akalipa shilingi 200,000 za kushikia gari.

Kumbe mstari wa 341 dada mmoja anakumbusha kuwa waliojiandikisha wamefika 38, Kosta haitoshi. Mwenyekiti anajibu, "Basi tuchukue basi kubwa." Hakuna aliyepinga. Mimi nilishachoka, nikaona ni stori za usafiri tu zinaendelea. Mwenye Kosta akagoma kurudisha hela, na watu wakasema mweka hazina kajiamulia mwenyewe.

Tangu hapo maamuzi nayatafuta kuanzia mwisho wa mazungumzo kurudi mwanzo. Sababu ni rahisi: kauli ya baadaye ndiyo inayofuta ya mwanzo, kwa hiyo ukianza mwisho unakutana kwanza na lile lililosimama. Lililofutwa silitoi kwenye jedwali. Nalibakiza, nikionyesha limebatilishwa na lipi, ili aliyesikia habari ya Kosta ajue iliishia wapi. Na kila uamuzi naupa namba ya mstari ulikotoka, ubishi ukizuka tufungue tusome.

Shida ya pili ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinakuruhusu kuamua jambo bila mtu kuonekana: itafuatiliwa, iombwe, tutaangalia. Mstari wa 467 unasema, "Barua ya ruhusa iombwe idarani, Jumatatu iwe imepatikana." Iombwe na nani? Hapo katibu anashawishika kuweka jina la mtu mchapakazi ili jedwali lipendeze. Mimi nasema usiweke. Mwenye jukumu ni mtu mmoja aliyekubali kwa kinywa chake. Mstari wa 345 Makamu anasema, "Mwenye basi nitampigia mimi Ijumaa." Huyo ndiye mwenye jukumu. Mweka hazina, ambaye hata kwenye kikao hakuwepo, nilimbebesha tu.

Jedwali lilipaswa kuwa hivi:

| Na. | Uamuzi | Mwenye jukumu | Mwisho | Hali | Mstari |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Kukodi Kosta | – | – | Umebatilishwa na Na. 2 | 88 |
| 2 | Kukodi basi kubwa | Makamu | 14 Machi | Haujatekelezwa | 341, 345 |
| 3 | Kuomba barua ya ruhusa idarani | HAKUNA | 17 Machi | Unasubiri mtu | 467 |

Tazama tarehe. "Ijumaa" na "Jumatatu" nimezigeuza kuwa tarehe kamili, nikihesabu kutoka siku ya kikao. Ukiandika jedwali Jumamosi halafu ukahesabu kutoka Jumamosi hiyo, Ijumaa ya Makamu inasogea wiki nzima.

Kuna wenzangu wanaosema kuandika HAKUNA ni kuiaibisha kamati. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya jedwali. Jina la kubuni linaificha barua mpaka Jumatatu ifike, ndipo tugundue hakuna aliyekanyaga idarani. HAKUNA ikisomwa Alhamisi, mtu anajitokeza bado kuna muda.

Nakiri maandishi hayaonyeshi kila kitu. Kichwa kinachotikiswa hakirekodiwi, na "sawa" ya mtu yaweza kuwa "nimekubali," "nimesikia" au "tumalize tukalale." Ndiyo maana sasa jedwali nalipeleka kwa wote waliokuwepo na nawapa siku moja walisahihishe, na hakuna hela inayotoka kabla ya siku hiyo kuisha.

Kuhusu mweka hazina, nilisimama darasani nikasoma mstari wa 88, kisha wa 341, kisha jedwali langu la kwanza. Zile 200,000 hazikurudi. Ila sasa darasa linajua kosa lilianzia kwenye kalamu ya nani.