Saa ya Kugeuka Ipangwe Langoni

Kila likizo ya shule inapokaribia, maombi ya safari za mafunzo kwenda Bara huongezeka, na Mlima Kilimanjaro hutajwa katika mengi ya maombi hayo. Si ajabu. Ni katika kilele cha mlima huo ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge mwezi Desemba 1961, na hakuna kijana wa Unguja au Pemba ambaye hakulisoma jambo hilo darasani. Wengi hawaendi kufika kileleni. Huenda kutembea siku moja tu, kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara na kurudi. Safari hiyo yaweza kufanywa na kijana yeyote mwenye afya njema, ila kwa sharti kwamba waliomchukua wamejua kuipima. Leo tunataka kuzungumza juu ya kipimo hicho, kwa sababu anayetia saini kibali cha safari hushiriki katika dhamana ya roho za watoto wale.

Sisi watu wa visiwani tumezoea kuipima njia kwa urefu wake peke yake. Tukiambiwa kwamba kutoka lango la Marangu hadi Mandara ni kilomita 8, tunakumbuka barabara ya Darajani kwenda Bububu, tunaona kwamba kilomita 8 hata hazitufikishi Bububu, na tunasema hilo si jambo. Lakini njia ya mlimani ina vipimo viwili: urefu na kimo. Lango la Marangu liko kiasi cha mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na Mandara ni kiasi cha mita 2,720. Kwa hiyo katika kilomita 8 zile mtu hupanda mita 850. Kilima cha Masingini, tunachokiona kirefu hapa Unguja, hakifiki mita 150.

Iko kanuni ya zamani ya kuviunganisha vipimo hivyo viwili, iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskochi, William Naismith. Kwa hesabu ya mita, kanuni hiyo husema: weka saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 8 tunapata kiasi cha saa moja na dakika 35. Kwa mita 850 tunapata kiasi cha saa moja na dakika 25. Jumla ni saa tatu. Hizo ni saa za mtu mzima aliyezoea, asiyepumzika. Kikundi cha wanafunzi 30 chenye wepesi na wazito hakitembei hivyo. Hapana budi kukiongezea theluthi, zikawa saa nne. Kuteremka huchukua saa mbili na nusu kwa kikundi kama hicho, maana njia ya msituni huwa na mizizi na tope, na magoti yaliyochoka hayakimbii. Aghalabu watu huteleza wakati wa kurudi, si wakati wa kwenda.

Kanuni hiyo hiyo hutuonyesha safari isiyofaa. Wako viongozi wa vikundi ambao, wakiisha kufika Mandara, hushawishika kusogea mbele kuelekea Horombo. Kutoka langoni hadi Horombo ni kiasi cha kilomita 20, na kupanda ni mita 1,850. Hesabu yake ni saa nne kwa urefu na saa tatu kwa kimo, yaani saa saba za kwenda kabla ya kuongeza chochote. Kurudi kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni saa nne nyingine. Hizo ni saa 11 bila ya kukaa chini wala kula, katika nchi ambayo mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima. Aidha, Horombo iko mita 3,720, na mtu aliyetoka usawa wa bahari juzi hapaswi kupandishwa huko kwa siku moja. Hata huko chini, kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huumwa kichwa na kupata kichefuchefu kwa sababu ya wepesi wa hewa. Mwenye dalili hizo asipande tena hata hatua moja. Dawa yake ni kuteremshwa.

Sasa na tuipange siku yenyewe kwa saa. Jua huko Marangu huchwa karibu na saa 12:30 jioni, na katika nchi zetu za ikweta machweo hayasubiri mtu. Haipiti nusu saa baada ya magharibi giza huwa kamili, na chini ya miti huingia mapema zaidi. Basi kikundi kilale Marangu au Moshi usiku wa kuamkia safari. Kiamke kwa sala ya alfajiri, kile, kimalize uandikishaji langoni pamoja na waongozaji ambao sheria za hifadhi zinawataka, na kianze kupanda saa 2:30 asubuhi. Kwa saa nne kitafika Mandara saa 6:30, wakati wa adhuhuri. Kikipumzika saa moja na kutumia saa nyingine kwenda kuitazama kreta ya Maundi iliyo jirani, kitaanza kuteremka saa 8:30 na kuwa langoni saa 11:00 jioni. Imebaki saa moja na nusu kabla ya jua kuchwa. Muda huo haupangiwi kazi nyingine. Ni akiba ya mguu utakaoteguka au mvua itakayonyesha.

Kwa hiyo saa 8:30 mchana ndiyo saa ya kugeuka. Itangazwe langoni mbele ya wote kabla ya hatua ya kwanza, na ikifika, kikundi kigeuke popote kilipo, hata kama mapaa ya Mandara yanaonekana. Tunasema itangazwe langoni kwa sababu mtu aliyekwisha kupanda saa nne hana tena hukumu iliyo huru. Fedha zimelipwa, vijana wanaimba, na daima iko sauti inayosema kwamba pamebaki kidogo. Kadhalika uwepo mtihani katikati ya njia. Nusu ya njia yapaswa kufikiwa saa 4:30. Ikifikiwa saa 5:30, maana yake ni kwamba Mandara itafikiwa saa 8:30 yenyewe bila ya nafasi ya kupumzika. Ikifikiwa baada ya hapo, safari iishie hapo hapo: watu wale, watazame msitu na mbega, kisha wateremke kwa utulivu. Mwendo unaohesabiwa ni wa aliye nyuma kabisa, si wa yule aliyetangulia mbele.

Chukua sasa kikundi ambacho, kwa kukwepa gharama ya kulala, kimesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Dar es Salaam, kikafika kimechoka, na kikaanza kupanda saa 5:30. Kitafika Mandara saa 9:30. Kikipumzika saa moja tu, kitaanza kurudi saa 10:30 na kufika langoni saa 1:00 usiku, sehemu ya mwisho ikiwa ndani ya msitu gizani, bila ya tochi, maana hakuna aliyezihesabu tochi katika safari ya mchana. Gharama ya kitanda cha usiku mmoja iliyofutwa katika makadirio ndiyo iliyowaingiza humo.

Iko sababu nyingine ya kuanza mapema. Asubuhi mlima huwa wazi mara nyingi. Kadiri jua linavyopanda mawingu hujikusanya, na mvua ya msituni huwa zaidi ya mchana. Joto nalo hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Siku ambayo pwani kuna nyuzi 30, Mandara huenda kukawa na nyuzi 14 tu. Kijana aliyevaa fulana, akalowa kwa jasho kisha akapigwa na mvua na upepo, ataanza kutetemeka, na mwenye kutetemeka hutembea vibaya. Sweta, koti la mvua na viatu vilivyofungwa vizuri ni lazima. Ndara zibaki nyumbani.

Juu ya maji, kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Safari ya saa sita na nusu yataka lita tatu na ziada kidogo kwa kila mtu, nazo zina uzito wa kilo tatu. Kwa sababu ya uzito huo wengi huchukua chupa moja ndogo, wakidhani watakunywa katika vijito vya njiani. Maji ya kijito yasiyochemshwa au kutiwa dawa yasinywewe. Hatari ya mlimani ni kwamba baridi huficha kiu: jasho hukauka upesi, na mtu hujiona hana haja ya kunywa mpaka kichwa kinapomuuma. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, mwili umekwisha kupungukiwa. Kila mwanafunzi aonyeshe maji yake langoni, na mwalimu aamuru kunywa katika kila kituo. Mtu ambaye nusu ya maji yake imekwisha kabla ya kufika Mandara huku mwendo ukiwa bado mrefu ametumia haki yake ya kupanda. Yaliyobaki ni ya kurudia. Na safari hizi zisipangwe katika mwezi wa Ramadhani.

Twajua kwamba wako watakaojibu kwa methali, kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Lakini hakuna mvuvi wa Nungwi wala wa Mkoani anayemcheka nahodha aliyekunja tanga na kurudi bandarini alipoona kusi imechafuka. Nahodha huyo huitwa mjuzi. Mwalimu anayegeuza wanafunzi 30 saa 8:30, wakiwa wamebakiza nusu kilomita, astahili jina hilo hilo, na asiulizwe na mkuu wake kwa nini hakuwafikisha.

Tunashauri basi kwamba wakuu wa skuli na maofisa wanaotoa vibali wasiridhike na barua inayotaja tarehe na idadi ya watu tu. Barua ieleze urefu wa njia kwenda na kurudi, mita za kupanda, saa ya kuanza, na saa ya kugeuka. Na makadirio yaonyeshe mahali pa kulala usiku wa kabla ya safari. Barua isiyo na mambo hayo irudishwe kwa mwandishi wake ikakamilishwe. Kazi hiyo haizidi robo saa mezani, na yafaa ifanywe kabla ya nauli ya boti kulipwa.