Kumwambia keateka si kuripoti: andika barua, weka tarehe, chukua sahihi

Wasee, hii maneno ya "nilimwambia keateka" lazima iishe. Kila mtu aliyewahi kupanga keja Nairobi anajua venye inaenda. Paa linavuja, unamwambia keateka kwa ngazi, anasema "sawa, nitaambia mdosi". Wiki inapita. Unampigia simu, anasema fundi anakuja kesho. Miezi miwili baadaye bado unaweka karai chini ya dari, na ukiulizwa uliripoti lini huna jibu isipokuwa "nilisema kitambo."

Msimamo wangu ni huu: kama kitu kimeharibika kwa nyumba na si wewe uliyekiharibu, andika barua. Fupi, ya heshima, yenye tarehe ya mwisho, na ubaki na ushahidi kwamba ilifika. Na usifikirie ni ya kutafuta vita. Kazi kubwa ya hiyo barua utaiona siku ya kuhama, wakati mtu anataka kukata dipoziti yako ju ya dari lenye madoa ambalo ulilalamikia mwaka mzima.

Tuchukue kesi ya binamu yangu, ju niliiona kutoka mwanzo. Alikuwa bedsita ya orofa ya juu kabisa, kodi 9,500 kwa mwezi, dipoziti 9,500. Mvua ya Aprili 2025 ilipoanza, maji yakaingia kona ya dari juu ya kitanda, yakateremka ukutani hadi karibu na soketi. Keateka aliambiwa mara tatu. Pasaka ikapita. Jumanne tarehe 22 Aprili tukakaa chini tukaandika.

Kabla ya kuandika, alipiga picha. Moja ya mbali inayoonyesha chumba chote, ndio ijulikane ni nyumba gani, halafu za karibu za doa na soketi. Pia video fupi ya maji yakidondoka. Watu wengi hupiga picha ya doa peke yake, na doa peke yake linaweza kuwa la dari lolote Kenya hii.

Kisha tukauliza: barua inaenda kwa nani? Keateka si mwenye nyumba. Angalia mkataba au risiti ya kodi, uone jina la anayekukodishia, awe mwenyewe au ajenti. Huyo ndiye unamwandikia. Keateka anapata nakala tu.

Barua yenyewe ilikuwa hivi:

"22 Aprili 2025

Kwa Bwana mwenye nyumba,

KUH: MAJI YANAYOVUJA NA SOKETI ILIYOLOWA, NYUMBA NAMBA 14

Mimi ni mpangaji wako katika nyumba iliyotajwa hapo juu. Tangu tarehe 8 Aprili maji yamekuwa yakiingia kupitia dari upande wa dirisha kila mvua inaponyesha. Yameteremka ukutani na kufika kwenye soketi iliyo karibu na kitanda. Nimeacha kuitumia soketi hiyo. Nilimwarifu msimamizi wa ploti tarehe 9, 13 na 17 Aprili. Picha nne zimeambatishwa.

Naomba fundi wa stima aikague soketi kufikia Alhamisi, 24 Aprili, saa kumi na moja jioni, kwa kuwa ni hatari. Naomba pia paa lirekebishwe kufikia Jumanne, 6 Mei.

Nitakuwepo nyumbani kila siku baada ya saa kumi na moja jioni, na Jumamosi kutwa. Ukihitaji kuingia wakati mwingine, tafadhali niarifu siku moja mapema. Ikiwa tarehe hizi haziwezekani, naomba unijibu kwa maandishi ukinipa tarehe nyingine.

Wako mwaminifu,"

Halafu jina, sahihi na nambari ya simu. Imeisha. Ukurasa mmoja.

Angalia vitu vichache hapo. Hakuna mahali amesema "paa lako ni bovu" ama "ulijenga vibaya." Alisema alichoona. Inawezekana shida ilikuwa mabati, inawezekana ilikuwa tangi la maji juu ya paa. Ukikisia sababu na ukose, mwenye nyumba atabishana na makisio yako badala ya kutuma fundi.

Halafu tarehe. "Haraka iwezekanavyo" haina maana yoyote, ju hakuna siku itafika useme sasa amechelewa. Lakini pia usimpe mtu saa 24 kurekebisha paa katikati ya mvua. Hapo hata mtu wa nje atakuona wewe ndiye msumbufu. Siri ni kugawa. Kitu kinachoweza kuua, kama maji kwenye stima, kipe siku moja au mbili, ju kuzima na kukagua hakuchukui muda. Kazi inayohitaji fundi, mabati na jua, ipe wiki mbili. Tulihesabu siku 14 kutoka tarehe 22, tukijua tarehe 1 Mei ni Leba Dei na fundi huenda asifanye kazi. Ukimwambia mtu akupe tarehe nyingine kama yako haiwezekani, umemwondolea kisingizio cha kunyamaza. Na usingoje barua ijibiwe ndio ujilinde: kama soketi inatoa cheche ama ukuta unakupiga shoti, zima swichi kuu na upige simu saa hiyo hiyo. Barua inafuata.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo wengi hupotea. Chapisha nakala mbili. Moja unampa, ya pili anaandika "nimepokea", tarehe na sahihi, unarudi nayo. Binamu yangu alimpelekea ajenti ofisini, na dada wa mapokezi akagonga muhuri bila noma. Wakikataa kuweka sahihi, usigombane. Andika kwa nakala yako siku, saa na nani alikataa, kisha utume barua hiyo hiyo kwa WhatsApp ama barua pepe siku hiyo.

WhatsApp iko na mambo yake. Tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwa simu yake. Tiki mbili za kijivu, umefika. Za buluu, umefunguliwa, lakini mtu anaweza kuzima hiyo kitu, so kukosa buluu hakumaanishi hajasoma. Hakikisha hamjaweka ujumbe wa kujifuta wenyewe kwenye hiyo chati, ama ushahidi wako utapotea baada ya siku kadhaa. Usitume malalamiko kwa sauti pekee. Kama ulituma sauti, fuatisha na maandishi.

Na skrinshoti isikudanganye. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iende kortini na cheti kinachoeleza venye ilitolewa na kwa kifaa gani. Kwa hivyo usifute ujumbe wenyewe eti umeshapiga skrinshoti. Jitumie nakala ya kila kitu kwa barua pepe yako pia. Sote tunajua simu inaweza kuondoka na mtu wa bodaboda ukiwa hapo hapo stejini.

Najua mtasema: "Wewe, ukiandika barua utafukuzwa." Hofu hiyo si ya upuzi. Mwenye nyumba anaweza kukasirika, na barua haimzuii kukupa notisi kulingana na mkataba. Lakini hata ukinyamaza anaweza kukupa notisi, na hapo utatoka bila rekodi yoyote. Pia huombi msaada. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inaweka ahadi ndani ya mikataba ya kupanga hata kama haijaandikwa: aliyekukodishia sehemu ya jengo anapaswa kutunza paa, kuta kuu za nje na mitaro mikuu, na nyumba ya kuishi ibaki katika hali ya kufaa binadamu. Soma mkataba wako kwanza ujue unasema nini juu ya marekebisho. Na kama kitasa ulikivunja wewe, usiandike barua, tafuta fundi.

Kitu kimoja usifanye: usizuie kodi. Najua inauma kulipia nyumba inayonyesha ndani. Lakini Kenya kuna Sheria ya Distresi, ile inayowapa nguvu madalali kuchukua vitu vyako ukiwa na malimbikizo ya kodi. Ukiacha kulipa, stori inageuka ghafla, wewe sasa ndiye mwenye deni. Pia usirekebishe mwenyewe ukakata kwa kodi, isipokuwa amekubali kwa maandishi na kiasi kimetajwa.

Tarehe ikipita kimya, andika barua ya pili. Mistari mitano inatosha: nilikuandikia tarehe fulani, ulipokea tarehe fulani, tarehe ya mwisho imepita, hali sasa iko hivi, naomba jibu ndani ya siku saba. Kuna watu watakutuma kwa lile Baraza la Kodi za Nyumba, lakini sheria yake inashughulikia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wengi wetu tumeshatoka hapo kitambo. Kama maji yaliharibu godoro au laptopu yako, Korti ya Madai Madogo husikiliza dai la mali iliyoharibika hadi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili. Swali la kwanza litakuwa: mwenye nyumba alijua lini? Karatasi yenye muhuri inajibu.

Kwa binamu yangu, fundi wa stima alikuja tarehe 24 mchana. Paa lilirekebishwa tarehe 9 Mei, siku tatu baada ya tarehe tuliyoweka, na ajenti alikuwa ameandika mapema kwamba watachelewa. Hakuna aliyefukuzwa. Dari lilibaki na madoa, hawakupaka rangi.

Septemba akahama. Siku ya ukaguzi ajenti akaandika shilingi 4,000 za kupaka dari. Akamwonyesha nakala yenye muhuri wao wenyewe na picha za Aprili. Ajenti akasoma, akakata huo mstari. Walikata 800 pekee, za ufunguo aliopoteza, na akarudishiwa 8,700 kwa M-Pesa.

Kwa hivyo kama saa hii kuna karai chini ya dari lako, piga zile picha leo, kabla doa likauke. Na kama ulishawahi kukatwa dipoziti juu ya kitu ulichoripoti kwa mdomo, hebu weka stori yako hapo chini, na useme walikata ngapi.