Kasi Hutangazwa kwa Biti, Bando Huuzwa kwa Baiti

Ipo hila ya herufi moja inayofanywa mchana kweupe katika soko letu la intaneti, nasi tumeizoea. Kasi hutangazwa kwa megabiti, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti. Mnunuzi hawezi kulinganisha alichoahidiwa na alichopewa mpaka apige hesabu ambayo hakuna bango linalomfundisha.

Baiti moja ni biti nane. Kwenye skrini, `Mb` yenye b ndogo ni megabiti, na `MB` yenye B kubwa ni megabaiti. Basi, tofauti ya mara nane imefichwa humo.

Tumchukue mwalimu aliyeko Lingeka, Meatu, anayetaka kupakua kitabu cha Fizikia chenye ukubwa wa megabaiti 60. Amepima laini yake, ikaonyesha `4 Mbps`. Akigawanya 60 kwa 4 atapata sekunde 15, naye atawaambia wanafunzi wasubiri kidogo tu. Hesabu sahihi huanza kwa kugeuza faili liwe biti:

```
60 x 8 = 480
480 / 4 = 120
```

Ni sekunde 120, yaani dakika mbili kamili, tena hizo ni za chini kabisa. Kila pakiti ya data hubeba pia anwani na taarifa za kuielekeza, nazo hula sehemu ya laini. Ni busara kuongeza asilimia kumi hivi. Jioni, mnara ukielemewa na kasi ikashuka hadi `1 Mbps`, kitabu kile kile kitachukua dakika nane na ushei.

Mwalimu huyo atajuaje kama anapunjwa? Programu ya kupakua kwa kawaida huonyesha `KB/s`, yaani kilobaiti kwa sekunde. Megabiti 4 ni sawa na kilobaiti 500. Akisoma 450, laini inatimiza ahadi, hata kama macho yanamwambia 450 haifanani na 4. Akisoma 120, ana sababu ya kulalamika, ila ajaribu kwanza kupakua kutoka tovuti nyingine, kwani huenda mzito ni seva iliyo mbali.

Najua utetezi wa makampuni: wahandisi wa mawasiliano wamehesabu biti tangu zamani, kwa kuwa ndizo zinazopita kwenye waya. Sawa, wahesabu hivyo maofisini mwao. Lakini mbona bando halitangazwi kwa gigabiti? Kwa sababu kasi ikisemwa kwa biti huonekana kubwa. Gigabaiti moja kwenye laini ya `8 Mbps` inayofanya kazi kikamilifu huisha kwa sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17. Nani angenunua bando la siku kwa utulivu akiyasoma hayo?

Mamlaka ya Mawasiliano iamuru kila tangazo la kasi liandikwe pia kwa megabaiti kwa sekunde, kwa herufi za ukubwa ule ule.