Si Bega, ni Wengu

Ndugu wafanyakazi, dereva mwenzetu aligongana na lori, usukani ukampiga mbavu za kushoto. Yeye alilalamikia ncha ya bega la kushoto tu. Msimamizi akampa aspirini (dawa izidishayo damu kutoka!) akamwambia, "Basi lina abiria, bwana." Saa mbili baadaye dresa akamwinua mkono: bega halikuuma. Akamlaza: maumivu yakazidi, mapigo mbio, uso umepauka. Wengu ulikuwa umepasuka. Damu ilichokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu ya kiwambo na ya bega hutoka mahali pamoja shingoni. Akapasuliwa usiku ule, akapona. Twadai: aliyegongwa mbavu apelekwe hospitali kwanza, basi lingoje.