Kukata nembo si kupata leseni

Wasee, tuongee ukweli. Unatengeneza klipu ya akili mnemba kwa akaunti ya bure, unakata ile nembo ya kona, halafu unamuuzia mama wa keki tangazo la 2,000. Hapo naona tunamchezea.

Nembo na leseni ni vitu viwili. Kwa programu kadhaa, masharti ya akaunti ya bure yanasema klipu ni ya matumizi binafsi tu. Ukikata nembo, ruhusa ya biashara haiji. Kulipia baadaye pia huenda kusisaidie, juu kuna zinazoangalia ulikuwa na akaunti gani siku ulipotengeneza klipu. Tena kuna alama isiyoonekana, kama SynthID ya Google, iliyofichwa ndani ya picha zenyewe. Hiyo haitoki na kona.

Tangazo likishushwa, page inayoumia ni ya mama, si yako. Kwa hivyo lipia mwezi mmoja kwanza, ndio utengeneze klipu. Weka risiti na skrinshoti ya masharti ya siku hiyo, umpe nakala. Gharama iingie kwa bei. Akisema ni ghali, shika simu urekodi keki yake halisi.