Kina cha Tairi Si Dhamana

Wakuu wa shule wanunuapo matairi ya basi, swali lao huwa moja: yatadumu kwa muda gani? Mimi naona hilo ni nusu ya swali. Tairi hushika barabara kwa kuwa mpira wake hubonyea na kuingia katika vijitundu vya lami. Mpira laini huingia vyema, lakini hulika upesi. Mgumu hudumu, ila huteleza juu ya ncha za kokoto. Joto huulainisha, baridi huukaza. Ndiyo maana tairi linalonata mchana Mombasa laweza kuteleza alfajiri ya mvua kule Limuru.

Isitoshe, jua na hewa huukaza mpira mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Tuseme basi lina mifereji yenye kina cha milimita 8, lakini ubavuni mwa tairi pameandikwa 2315, yaani juma la 23 la mwaka 2015. Machoni ni jipya. Kwenye breki ni kongwe, na nyufa nyembamba ubavuni ni dalili yake. Kwa hivyo, mkaguzi na aisome tarehe kabla ya kupima kina.